Mashuka ya Chuo cha Wauguzi

Chuo cha wauguzi kilipeleka barua ya kuomba bei za mashuka kwa washonaji watatu wa mji wa Cape Coast, Ghana. Wawili walikuwa marafiki: Araba Mensima na jirani yake Esi Nyarkoa. Esi hana kompyuta, kwa hiyo Araba ndiye humwandalia makaratasi yake. Mtu wa kumpa mshindani wake bahasha aifunge, huyo ni Esi tu.

Bei walipiga pamoja: kitambaa, uzi, umeme, ujira wa mafundi, na gari la kufikisha mzigo hadi chuoni. Esi alisahau kwamba chuo hulipa baada ya kupokea mali, tena kwa kuchelewa. Araba akamkumbusha aongeze kidogo kwa ajili ya kungoja. Kodi wakaiandika chini, peke yake, na muda ambao bei haitabadilika. Hapo Araba alikuwa mwema kweli.

Kisha akaambatisha vyeti: usajili wa biashara, kodi, hifadhi ya jamii. Hicho cha mwisho cha Esi kilikuwa kimekwisha muda. Araba alikiona. Akakibana na vingine, akafunga bahasha. Alijua chuo hukagua vyeti kabla ya kulinganisha bei, na bei ya Esi ilikuwa chini ya yake.

Siku ya kufungua bahasha, bei zote zilisomwa mbele ya watu. Baadaye Esi akaenguliwa kwa cheti. Lakini zikabaki bei mbili, na chuo kilitaka tatu za kulinganisha, kikafuta yote na kutuma barua upya. Araba alijikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Esi akaja kwenye karakana ya Araba na cheti kipya na samaki wa kukaanga kwenye sahani. Alisema kosa ni lake, amemwaibisha rafiki aliyemsaidia bure.

"Bei yako niliisikia, dada. Safari hii yangu weka juu ya yako. Wewe una mafundi wasichana sita wa kulisha humu."

Araba akatazama samaki. Angenyamaza, kazi ingekuwa yake. Aibu ikamchoma hadi masikioni.

"Esi, ile tarehe niliiona."

"Ipi?"

"Ya cheti. Kabla sijafunga bahasha."

Esi hakufoka. Bora angefoka. Alikusanya vyeti vyake kimoja kimoja, akaviweka kwenye mfuko wa nailoni.

"Nilikuwa nakuletea kazi mkononi," alisema.

"Najua. Nisamehe."

"Samaki kula, atapoa. Bei nitapiga mwenyewe, na ya kungoja sitaisahau. Ulinifundisha vizuri."

Alivuka barabara, akaingia kwa kijana wa kuchapa barua pale kituo cha mabasi, anayelipisha kila ukurasa. Araba alibaki mbele ya kompyuta, akaanza kuandika bei yake, na kwa mara ya kwanza hakujua ya Esi itakuwa ngapi.