Picha ya Mwenye Karakana

Barua ilikuwa ya tatu, na safari hii mtengeneza tovuti aliiandika kikavu, kama mtu asiyemjua mteja wake, ingawa mteja mwenyewe alikuwa mama yake mdogo, mshonaji mwenye karakana ya mafundi wanne.

“Ili kazi iendelee, tunaomba kabla ya Alhamisi jioni: faili halisi la nembo kutoka kwa aliyeichora, si picha ya kibao cha dukani, picha kumi za sare mlizoshona na moja ya mwenye karakana, zije kwa barua pepe zisipungue ubora, na maelezo ya huduma na historia yenu.”

Hoteli moja ilikuwa inatafuta mshonaji wa sare na ilitaka kuona tovuti Ijumaa saa sita mchana. Bila tovuti, mama mdogo angetolewa kwenye orodha.

Haikupita robo saa, simu ikalia.

“Unaniandikia barua mimi, niliyekubeba mgongoni?”

“Mama, mbili za kwanza nilizipamba kwa maneno matamu, ukanyamaza.”

“Nilijua kazi imekwisha. Si ulinionyesha? Picha zipo, maneno yapo.”

Mtengeneza tovuti akashika kichwa. Kumbe wiki tatu zote mama mdogo aliichukua sampuli kuwa ndiyo tovuti! Maneno yale yalikuwa ya kujaza nafasi tu, na yule mwanamke wa pichani mwenye utepe wa kupimia shingoni alikuwa mtu baki kabisa. Akaeleza taratibu, akaomba radhi. Kosa lilikuwa lake, hakuandika popote kwamba ni sampuli.

“Maneno nitaandika, nembo ninayo,” alisema mama mdogo. “Ila yule mwanamke mwache.”

“Lakini si wewe.”

“Ndiyo maana.”

Hapo akakumbuka kovu. Mama mdogo aliungua usoni kwa pasi akiwa bado anajifunza kushona, na tangu hapo, kwenye picha zote za familia, yeye ndiye mpigaji. Mtengeneza tovuti aliona aibu. Jambo zito namna ile alikuwa amelichomeka katikati ya nembo na maelezo.

“Meneja wa hoteli akija atamuulizia yule,” alisema kwa upole. “Utamwambia yuko wapi?”

Simu ikakatwa.

Alhamisi jioni vikaja nembo, picha za sare kumi kwenye hanga, na historia ya ukurasa mzima isiyo na nukta hata moja. Picha ya mwenye karakana haikuwemo.

Ijumaa saa nne asubuhi picha hiyo ikaingia. Mama mdogo ameketi nyuma ya cherehani, uso wote kwenye mwanga, kovu kutoka sikioni hadi kidevuni. Chini ameandika: “Usinifute chochote.”

Mtengeneza tovuti akamwondoa yule mgeni, akaweka picha mpya, akatuma kiungo hotelini na kwa mama mdogo.

Simu ikalia tena.

“Miaka thelathini sijajiona pichani,” mama mdogo alisema. “Kumbe nimefanana na mama yangu.”