Mlezi wa Kazi

Katika kitengo cha madai ya bima ya maisha, kazi ni kuongea na wafiwa kutwa nzima. Binti aliyeajiriwa mwisho walimwita Mgeni, na jina likamganda. Aliyemshika mkono ni dada aliyemtangulia kwa miaka michache, waliyemwita Kamusi kwa kuwa alijua jibu la kila swali la kazi. Mchana walikula pamoja kwenye ngazi za nyuma. Mgeni alieleza simu zilizomliza, Kamusi naye akaeleza zake, mpaka wakajikuta wanacheka.

Alipothibitishwa kazini, ofisa utumishi alimwita.

"Chagua mlezi mmoja wa kukuongoza kazini. Asiwe bosi wako wa moja kwa moja. Meneja mwandamizi wa mipango ana nafasi, na Kamusi pia amejitolea."

Nyumbani, baba yake hakusita. "Huyo dada yako wa ofisini atakufundisha kazi. Meneja atakutaja kwenye vikao ambavyo wewe huingii. Bado unauliza?"

Akamchagua meneja.

"Umefanya la maana, mdogo wangu," Kamusi alisema, akiendelea kuandika. Kwa aibu, Mgeni akaacha kwenda kwenye ngazi, akawa anakula peke yake kwenye meza yake ya kazi. Kamusi hakumfuata.

Meneja alikuwa mtu mwema. Kila mwezi alimpa muda wake, akamweleza kampuni inavyofikiri, akamtambulisha kwa wakubwa. Lakini kila alipouliza, "Unaendeleaje?" Mgeni alijibu, "Vizuri tu, bosi." Angemwambiaje mtu huyo kwamba anawasikia wajane hata akiwa usingizini?

Nafasi ilipotokea kwenye kitengo cha mipango, meneja alimtaja, Mgeni akafanyiwa usaili, akapata. Alishuka mbio kumwambia Kamusi. Kiti kilikuwa kitupu.

"Ameacha kazi asubuhi hii," jirani wa meza alisema. "Hajaaga mtu."

Jumamosi alimfuata kwake. Kamusi alifungua mlango amevaa kanga, amekonda.

"Simu ikilia hata ya jirani, najifungia chumbani," alisema. "Daktari kaniambia nipumzike."

"Dada, mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Wakubwa wakiuliza, tunajibu tuko vizuri. Zile ngazi ndizo zilizokuwa pumzi yangu. Ulidhani nakusaidia wewe peke yako?"

Mgeni alilia. Kamusi akamfuta machozi, akampongeza kwa cheo, na kwa sauti ya upole akamwomba asimtembelee tena kwanza: kila akimwona anaiona ofisi.

Kikao kilichofuata, meneja aliuliza kama kawaida. Safari hii Mgeni alisema yote. Meneja aliweka kalamu chini.

"Mwaka mzima nimekuuliza," alisema, "na sikujua."

Aliahidi kulifikisha juu, na alilifikisha: wafanyakazi wa madai wakaanza kupewa mapumziko na mtu wa kuongea naye. Kamusi aliombwa arudi. Alijibu kwa ujumbe mfupi wa kushukuru, lakini hakurudi.

Mgeni alihamia ghorofa ya juu, kwenye ofisi yenye dirisha pana. Siku ya kwanza walimkaribisha kwa makofi. Mchana akatoka na chakula chake, akasimama kwenye korido, hajui aende wapi.