Kiti Chenye Joto la Kulipia

Barua ya Verna Haugstad iliandikwa kwa kalamu, kwa sababu Verna hana barua pepe wala haitaki. Ikaletwa kwangu, maana katika duka letu la magari, huku kaskazini mwa Minnesota, malalamiko yote humwangukia Lavonne, yaani mimi.

"Bwana Brekke," aliandika, "uliniuzia gari lenye viti vinavyopata joto, na kitufe cha kuliwasha nikiwa mbali. Vimefanya kazi miaka mitatu. Wiki jana vimekufa vyote siku moja. Fundi wako anasema havijaharibika, ila nilipe dola ishirini na tano kila mwezi vifunguliwe. Nyaya zimo ndani ya kiti nilichokinunua, nazikalia! Mume wangu Orrin, figo zimemshinda, husafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, na hutoka pale akitetemeka. Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri. Mbona hamkuniambia?"

Darrell Brekke, meneja wetu, aliisoma huku akitafuna donati. Huyu ni mtu wa kuvaa koti la ngozi ofisini ili tujue analo.

"Mjibu kama kawaida," akasema. "Miaka mitatu ya bure ikiisha, kiwanda huvifunga kwa mtandao. Ada ni yao, sisi hatuhusiki. Na taarifa alitumiwa."

"Alitumiwa wapi?"

"Barua pepe, mara tatu. Bibi hasomi, mimi nifanyeje? Mpelekee blanketi lenye nembo yetu."

Blanketi! Nilimdharau mpaka nikasahau kukasirika.

Nikafungua akaunti ya gari la Verna kwenye kompyuta. Anwani ya barua pepe iliyoandikwa pale ilikuwa ya Darrell. Miaka mitatu iliyopita alikuwa muuzaji tu, na kiwanda kilimpa muuzaji bonasi kwa kila mteja aliyemwandikisha kwenye huduma hiyo ya mtandao. Mteja hana barua pepe? Darrell akajaza yake, akala bonasi. Taarifa zote tatu zilimfikia yeye, naye akazifuta.

Nikamgeuzia kompyuta.

"Aliyetumiwa ni wewe, bosi. Umewaandikisha wangapi namna hii? Nimuulize mwenye duka, au kiwanda?"

Donati ikakwama njiani. "Tuyamalize humu humu, dada yangu."

"Leo nimekuwa dada? Toa kadi ya benki."

"Ya duka iko kwa..."

"Yako. Itakatwa ada ya Verna kila mwezi, mpaka Verna aliache gari hilo."

Akaitoa, mtu mzima na koti lake, vidole vikimtetemeka. Orrin ana sababu ya kutetemeka. Huyu alikuwa na aibu ya kukamatwa tu.

Nikamwandikia Verna ukweli wote, bila kupaka sukari. Anwani kwenye akaunti sikuibadilisha.

Sasa kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa sita mchana, simu ya Darrell hulia mezani kwa taarifa ya akaunti ya Verna: gari lako limewashwa. Yeye huigeuza kifudifudi. Mimi hutazama saa ya ukutani, na baada ya dakika kumi najua Orrin ametoka hospitalini na amekaa penye joto.