Aliyeutunga Wimbo wa Maji

Bibiana alitunga wimbo wa "Nimeteka, Nimepanda" akipalilia mihogo, mwaka mmoja baada ya kumzika mama yake. Hakuwa na daftari. Aliimba mstari, akapalilia tuta, akarudia mstari, na jua lilipokuwa kali beti zote nne zilikuwa zimekaa kichwani. Zilimhusu mama yake, Dorika, ambaye zamani, kabla ya mabomba kufika upande wao wa Newala, aliteremka bondeni alfajiri kuteka maji na kupanda mlima na ndoo kichwani. Akifika juu, jua limeshatoka na watoto wana kiu.

Jumapili iliyofuata alimwimbia Optatus, mwalimu wa kwaya ya kigango chao. Optatus alisikiliza mpaka mwisho, akaupenda, akaugawa kwa sauti nne. Hakuwa mtu baki. Ndiye aliyekuwa msimamizi kanisani siku Anjelina, binti wa Bibiana, alipobatizwa, na tangu siku hiyo Bibiana alimwita Baba Ubatizo. Alikuwa amefika kidato cha sita, na barua yoyote ya Kiingereza iliyoingia kijijini ilisomwa na yeye.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo minara ya simu ilishapanda kila kilima na simu za kupangusa zilishafika hata minadani. Optatus aliirekodi kwaya kwa simu yake, akaiweka video YouTube kwa jina la kwaya, kwenye ukurasa alioufungua mwenyewe. Baada ya wiki mbili aliwaita wanakwaya akawaonyesha maoni ya mgeni aitwaye Marta, kiongozi wa kwaya huko Polandi. Akawasomea: "Beautiful song! Who wrote it? What does it say?" Akawatafsiria kwamba mama huyo anasema wimbo ni mzuri, anauliza nani aliutunga na unasema nini.

Watu walimgeukia Bibiana wakacheka kwa furaha. Bibiana alimwomba Optatus amjibu kwamba wimbo ameutunga yeye, na kwamba ni wa mama yake aliyebeba maji kutoka bondeni. Optatus aliandika palepale mbele yake. Bibiana alikuwa na darasa la saba na Kiingereza chake kilikuwa salamu na namba, lakini aliona vidole vinakwenda, aliona neno moja alilolijua, *mother*, akaridhika.

"Tayari, Mama Anjelina," Optatus alisema. "Nimemwambia."

Miezi mitatu baadaye Bibiana alikwenda Masasi, kliniki ya presha, na alipotoka hospitali alipita mtaa wa Mkomaindo kwa rafiki yake Sophia, ambaye kila mtu alimwita Mama Abuu. Zamani walikuwa majirani Newala, kabla Sophia hajaolewa mjini. Sophia aliuza vitenge na mikeka ya ukili, na picha za mikeka aliziweka mtandaoni. Wateja wa nje walimuuliza maswali kwa Kiingereza naye, kwa elimu yake ya kidato cha nne iliyoishia katikati, aliwajibu.

Bibiana alitaka kumwonyesha wimbo. Sophia aliufungua kwenye simu yake, akausikiliza akitikisa kichwa taratibu, halafu akashuka chini kwenye maoni. Akasoma, akasoma tena.

"Mama Anjelina, nani aliandika jibu hili?"

"Mwalimu wetu. Nilimtuma mimi."

Sophia alimsomea: "Thank you, Marta. I wrote this song for my mother. She carried water from the valley all her life. Optatus." Kisha akamfasiria neno kwa neno. Asante, Marta. Nilitunga wimbo huu kwa ajili ya mama yangu. Alibeba maji kutoka bondeni maisha yake yote. Na mwisho, jina: Optatus.

Bibiana alidhani Sophia amekosea. Aliuliza *I* ni nani. Sophia akamwambia *I* ni mimi, yaani yule anayeandika, na aliyeandika ameweka jina lake. Chini yake Marta alijibu kwamba kwaya yake itauimba mwezi wa tano na jina la Optatus litaandikwa kwenye karatasi ya tamasha. Na chini ya Marta alikuwapo Helena, katibu wa kwaya, mwalimu wa shule ya msingi. Ameandika: "Congratulations, teacher!" Hongera, mwalimu.

Hilo ndilo lililomkalisha Bibiana chini juu ya robota la vitenge. Helena alisoma na alielewa. Jumapili zote hizo alikaa naye benchi moja.

Sophia alisema atamjibu Marta sasa hivi. Bibiana akamshika mkono.

"Hapana. Safari hii naandika mwenyewe. Na kila neno nilijue."

Aliahirisha kurudi Newala, akalala kwa Sophia. Kesho yake, duka likiwa halina wateja, walianza na akaunti, maana maoni yaliyotoka kwenye simu ya Sophia yangebeba jina la Sophia. Bibiana alikuwa na simu ya kupangusa aliyonunuliwa na Anjelina, anayoitumia kupiga tu. Wakaifungulia akaunti kwa jina lake kamili.

Kisha Bibiana akaandika alichokiweza: "Hello Marta me is Bibiana I am write this song."

Sophia hakucheka. Alimwambia ataeleweka, lakini mtu anayebishana juu ya kazi yake asimpe mwenzake nafasi ya kusema huyu hajui anachosema. Akamfundisha alivyojifundisha mwenyewe kwa kukosea mbele ya wateja. Sentensi moja, jambo moja, kisha nukta. Anza na mtu, fuatisha alichofanya. Na kwa kuwa kutunga kulishapita, si *write* tena, ni *wrote*, na haliambatani na *am*.

Bibiana aliandika upya kwa herufi moja moja. "My name is Bibiana. I wrote this song."

Walijaribu pia programu ya kutafsiri. Walipoiandikia jina la wimbo, "Nimeteka, Nimepanda", Sophia aliangua kicheko cha kwanza siku hiyo: simu imesema ameteka watu nyara, kisha amepanda mbegu. Akamfundisha ujanja wa kuirudisha tafsiri kwenye Kiswahili ili kuona kama maana imerudi salama, na ikirudi imepotoka, kulivunja jambo liwe maneno mepesi zaidi. Walipoandika "jina lake lilikuwa Dorika", mama aligeuka mwanamume, *his name*. Kiswahili hakitenganishi, Sophia alieleza, Kiingereza kinatenganisha. Kwa mwanamke ni *her*.

Palipowakwamisha ni pa Optatus. Bibiana alitaka kuandika kwamba ni mwizi. Sophia hakumkataza. Alimuuliza tu anataka Marta ajue nini. Bibiana akafikiri muda mrefu, akasema: ajue kwamba hakuutunga. Sophia hakuwa na hakika kama baada ya *did not* ni *wrote* au *write*. Akatafuta mfano mtandaoni, wakaona kwamba *did* limeshabeba wakati uliopita, kwa hiyo linalofuata linabaki *write*.

Mchana maneno yalikuwa haya:

"Hello Marta. My name is Bibiana. I wrote this song. Optatus is our teacher. He did not write it. My mother carried water from the valley. Her name was Dorika. Thank you for singing it."

Bibiana aliyasoma yote, akieleza kila sentensi kwa Kiswahili, na Sophia akikubali. Hujambo, Marta. Naitwa Bibiana. Mimi nilitunga wimbo huu. Optatus ni mwalimu wetu. Yeye hakuutunga. Mama yangu alibeba maji kutoka bondeni. Aliitwa Dorika. Asante kwa kuuimba. Wakabonyeza pa kujibu chini ya maneno ya Marta mwenyewe, ili simu ya Marta imjulishe, si pale juu ambapo yangepotea. Kisha Bibiana akatuma.

Jioni, akiwa amefika Newala, alifungua simu kuyaangalia. Hayakuwepo. Alimpigia Sophia akidhani amebonyeza vibaya. Sophia akatazama, akamwambia kwa upole kwamba mwenye ukurasa anaweza kufuta maoni ya mtu yeyote, na mwenye ukurasa ni Optatus.

Asubuhi Bibiana alikwenda kwake. Optatus alikuwa uani akianika korosho. Bibiana alimsalimia kama siku zote, kisha akamuuliza kwa nini. Optatus hakukana. Alisema bila yeye kuugawa sauti ule wimbo ungekuwa wa kuimbia shambani tu. Alisema wazungu wanataka jina la mwalimu, mtu wanayeweza kuandikiana naye, na Bibiana angeandikiana nao vipi? Mwisho akasema, kana kwamba ni neno la kumtuliza, "Nilijua hutasoma. Sikuona utaumia wapi."

Bibiana akamjibu:

"Baba Ubatizo, wimbo ungeuchukua. Mama yangu ungeniachia."

Optatus aliinama akaendelea kuzitandaza korosho kwa kiganja. Mama yake mwenyewe alikuwa hai, anaishi Lukuledi, na hakuwahi kubeba maji kutoka bonde lolote.

Jumapili kwaya ilikutana. Bibiana alidhani atasikilizwa. Helena ndiye aliyezungumza kwa niaba ya wengi. Alisema wimbo ni wa kwaya, kwamba kuwavua nguo mbele ya wageni ni aibu, na kwamba Bibiana angekuja kwanza kwao. Bibiana akamuuliza kama alielewa jibu la Optatus siku alipompongeza. Helena alisema alielewa. Akaongeza kwamba hakutaka ugomvi. Hakuna mwanakwaya mwingine aliyesema neno, na baadhi yao walikuwa wamekula kwake siku ya matanga ya mama yake.

Bibiana aliweka kitabu cha nyimbo juu ya benchi, akatoka.

Mwezi wa tano Sophia alimpigia. Marta alikuwa ameuliza hadharani, kwa Kiingereza chepesi ambacho nacho kilikuwa cha kujifunza: "I saw an answer from Bibiana. Now it is not here. Optatus, who wrote the song?" Swali hilo lilikaa siku nne bila jibu, kisha nalo likafutwa. Lakini Marta alikuwa ameshalisoma jibu la Bibiana kabla halijafutwa, na siku ya tamasha aliweka video kwenye ukurasa wake mwenyewe, ambao Optatus hakuwa na mamlaka nao.

Bibiana aliitazama akiwa amekaa kizingitini. Wanawake wa mbali waliimba "nimeteka, nimepanda" kwa matamshi ya kujikwaakwaa. Karatasi zao zilishapigwa chapa zamani na jina la Optatus lilikuwa pale pale. Kabla ya kuimba, Marta alisema maneno machache, na kati ya maneno hayo Bibiana aliyatambua mawili: jina lake, na Dorika.

Aliandika chini ya video ile, bila kumpigia mtu: "Thank you, Marta. I heard my mother's name."

Kwaya ya kigango inaendelea kuuimba wimbo huo, na Optatus ndiye anayeuongoza. Bibiana husali misa hiyo hiyo, benchi za nyuma na waumini wengine. Optatus akikutana naye mlangoni humsalimia, naye huitikia. Zaidi ya hapo hawana neno. Anjelina alipoolewa mwaka uliofuata, kiti cha baba wa ubatizo kilikaa kitupu, kwa sababu mama wa bibi harusi hakupeleka mwaliko.