Meno Meupe ya Waithira

Waithira alikuwa na karibu mwaka mzima kaburini alipocheka kwenye kompyuta ya Khavere. Alicheka kwa meno meupe pe, na Phyllis, bintiye wa kwanza, akarudisha kiti nyuma.

"Huyo si mama," alisema.

Khavere akasimamisha video. Hakushangaa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vitabu vya mazishi na video za kumbukumbu katika studio ndogo mjini Nyeri, juu ya duka la dawa za mifugo, na tangu watu waanze kumwomba awafanye marehemu wao wasogee, maneno hayo alikuwa ameyazoea. Yeye alikuwa Mmaragoli, aliyeletwa huku na kazi ya mumewe, mkufunzi wa polisi kule Kiganjo, na Kikuyu chake kiliishia kwenye salamu na bei ya viazi. Lakini uso wa mtu aliyeshtuka haumhitaji mkalimani.

"Ni meno, ama?" akauliza.

Ndiyo, yalikuwa meno. Waithira alizaliwa Kieni, upande ule mkavu, akalelewa kwa maji ya kisima. Maji yale yana madini yanayoyapaka meno ya watoto rangi ya kahawia, na rangi hiyo haitoki kwa mswaki wala kwa maombi. Alipoolewa Kianyaga, kwa watu wa chai wanaokunywa maji ya mto, wenye meno ya kujivunia, alijifunza mapema kufunga mdomo akiona kamera. Hata siku ya arusi yake alipigwa picha kama mtu anayesubiri hukumu. Kwa hiyo picha zake zote, pamoja na hii nzuri aliyopigwa na kitambaa chake cha bluu, zilikuwa na midomo iliyobanwa.

"Sasa hii programu," Khavere alisema, "haimjui mama yako hata kidogo. Inaanza na hii picha, halafu inatengeneza zingine nyingi za kufuata, ikikisia uso kama huu ungesonga aje. Imejifunza kwa video za watu wengi sana, na wengi wao wakicheka meno ni meupe. Hapa mdomo umefungwa. So ndani imejijazia yenyewe."

"Si ungeiambia ni ya kahawia?"

"Nimeiambia."

Akafungua jaribio jingine. Waithira huyu alikuwa na meno yaliyooza, meusi kwenye fizi, kama ya mtu aliyekata tamaa ya maisha. Phyllis akageuza uso. Katika jaribio la tatu meno yalianza na kahawia kidogo, kisha kadiri alivyocheka yakatakata yenyewe, na alipogeuza kichwa, sikio lililokuwa limefichika pichani likatokea na hereni ambayo haikufanana na ile ya upande wa pili.

"Kila nikibonyeza inakisia upya," Khavere alisema. "Na kadiri inavyoenda mbali na ile picha ya kwanza, ndivyo inavyotunga zaidi."

Usilolijua ni kama usiku wa giza, walisema wahenga, ila mashine hii ilikuwa inatembea gizani kwa madaha, kama iliyoshika tochi.

Simu ya Phyllis ikalia. Ni Mwai, ndugu yake aliyekuwa akifanya kazi Nanyuki. Phyllis alikuwa amemrushia ile video ya kwanza, aliyoinasa kwa simu kutoka kwenye kioo cha kompyuta. "Wacha hivyo hivyo," aliandika. "Hiyo meno meupe angeipenda. Mbinguni hakuna maji ya Kieni." Phyllis akamjibu kwamba mama asingekubali kamwe kubadilishwa. Mwai akamuuliza ni lini mama alimwambia hivyo. Ndivyo walivyokuwa wakivutana wiki nzima juu ya vile mama angetaka asogezwe, kila mmoja akijifanya wakili wa marehemu, na marehemu hakuwa amemtuma yeyote.

Ukweli ni kwamba wazo lote lilikuwa la Phyllis. Jumamosi ingekuwa ibada ya kumbukumbu kanisani Kianyaga, na baba yao, Ngatia, angekaa kiti cha mbele. Mzee alikuwa amenyamaza tangu mazishi. Alichuma chai yake, alikamua ng'ombe wake, akiulizwa habari alisema ni nzuri, basi. Phyllis alitaka kumpa kitu. Hakukuwa na video hata moja ya mama. Walikuwa na picha tu. Alidhani baba akimwona mkewe akisogea tena, hata kwa sekunde tano, moyo wake ungelegea. Sasa aliogopa kinyume chake: kwamba baba angeangalia haya meno meupe mbele ya kanisa zima, na kidogo alichobaki nacho cha Waithira kingefutwa na mgeni mwenye kitambaa chake. Aliogopa sana.

"Mimi niko na sheria moja," Khavere alisema. "Video ya marehemu anayesonga haitoki hapa mpaka aliyekaa naye nyumba moja aione kwanza. Hapa, mlango ukiwa umefungwa. Leta mzee."

"Lakini ni surprise."

"Surprise ni ya keki, dada yangu."

Ngatia alikuja keshoye kwa koti na kofia, kama mtu aliyeitwa na chifu. Akamsalimu Khavere, akauliza habari za watoto wake na za mvua huko kwao Maragoli, maana adabu ni adabu hata mbele ya kompyuta. Kisha akakaa, akaweka kofia gotini. Phyllis alisimama nyuma yake kwa sababu hakuweza kumtazama usoni.

Khavere akaanzisha video. Waithira akafumbua midomo, akacheka, akageuza kichwa kidogo, kisha akatulia.

"Rudia," Ngatia alisema.

Akarudia. Mzee akaangalia akiwa ameinama mbele, mikono magotini. Huko chini dukani mtu alisikika akiuliza dawa ya kupe.

"Huyu mama ametoka wapi?" mzee aliuliza, kwa upole kabisa.

Phyllis akafumba macho. Khavere akajibu bila kuzunguka. "Hakuna mahali ametoka, Mzee. Uso ni wa picha ya mama. Kucheka ni kompyuta imekisia. Haikuwahi kumwona akicheka."

"Kwa hivyo hii si yeye?"

"Si yeye."

Ngatia akatoa pumzi ndefu, akaegemea kiti. Mabega yake yakashuka. "Basi ni sawa," alisema. "Nilikuwa nimeshtuka. Nilifikiri ni mimi nimeanza kumsahau."

Phyllis hakuwa amewahi kuliwaza hilo. Akazunguka, akachuchumaa mbele ya baba yake, akamshika mikono.

"Pole, Baba. Nilitaka kukufurahisha."

"Najua, maitu," mzee alisema. Alimwita mama, kama alivyomwita siku zote, kwa kuwa Phyllis alirithi jina la nyanya yake, mama yake Ngatia. "Mimi hii maneno nilikuwa nimeskia zamani. Siri ya watoto wangu hufika sokoni kabla ya kufika nyumbani. Nilikuwa nimepanga kuugua Jumamosi."

"Kuugua?"

"Tumbo. Nilikuwa nimeshaanza kulalamika kwa shangazi yako, ndio asishangae."

Khavere akakohoa ili asicheke. Hakufaulu.

"Kwa nini hukuniambia hutaki?" Phyllis aliuliza.

Ngatia akamtazama, bila hasira. "Wewe na Mwai mmebishana ati mama yenu angekubali ama angekataa. Amekufa, hawezi kujibu. Mimi niko hai, nakula kwa hiyo nyumba yake, na hakuna mtu ameniuliza."

Kuuliza si ujinga. Ujinga wa Phyllis ulikuwa kutouliza. Lakini ajabu ni kwamba maneno yale hayakumuumiza jinsi alivyotarajia. Yalimtua mzigo.

"Nakuuliza sasa," alisema. "Mama angetaka nini?"

Mzee alifikiri. "Mama yenu akicheka mbele ya watu, mkono ulikuwa unakuja hapa." Akauweka mkono mdomoni. "Kanisani, kwa arusi, hata kwa duka. Nyumbani tukiwa sisi wenyewe, mkono haukuja. Alikuwa anacheka na meno yake yote. Hiyo ilikuwa yetu. Hakuwahi kuipatia mtu wa kamera, na si eti kamera zilikosekana." Akaielekezea kidole ile picha. "Hapo amefunga mdomo mwenyewe. Hilo ndilo jibu lake. Sasa mkimfungua, hata kama meno ingekuwa ile yake kabisa, mmetoa kitu yake ya nyumbani mkapeleka kanisani."

Khavere aliitikia kwa kichwa. "Naweza kuiacha picha vile ilivyo, Mzee. Nisogeze tu polepole, ionekane inakaribia. Hapo hakuna kitu inakisiwa."

"Hiyo ni sawa. Hiyo naweza kuja kuona."

Wakampigia Mwai. Phyllis alikuwa amejiandaa kwa vita, akaiweka simu kwa sauti ili baba asikie. Mwai alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba na yeye, kusema kweli, video ile ilikuwa imemwogopesha, ila aliona aibu kulisema kwa vile dada yake alikuwa amejisumbua sana. Phyllis akacheka kwa nguvu. Watu watatu, kila mmoja akivumilia kwa ajili ya mwenzake jambo ambalo hakuna aliyelitaka.

Khavere akayafuta majaribio yote, yale yaliyokuwa kwenye kompyuta na yale yaliyohifadhiwa mtandaoni, mzee akiangalia. Phyllis na Mwai nao wakaifuta iliyokuwa kwenye simu zao.

"Na mimi nikienda," Ngatia alisema ghafla, akivaa kofia, "mnaweza kunisongesha. Nimekubali. Hata mnichezeshe densi. Lakini mnipatie meno zaidi ya hizi nimebaki nazo."

"Tutakurekodi ukiwa hai, Baba, tusikisie kitu," Phyllis alisema, na palepale akatoa simu, kwa maana jambo jema halingoji. "Sema kitu. Tuambie mama alikuwa anacheka aje."

Ngatia alisita. Kisha, labda kwa sababu ya ule wepesi uliomjia, akajaribu. Kwanza akavuta pumzi kwa pua, akaishikilia, mabega yakatikisika bila sauti yoyote kama pikipiki inayokataa kuwaka asubuhi ya baridi. Kisha sauti ikatoka, nyembamba, ya juu, ikipanda ngazi ngazi mpaka ikakatika, ikaanza tena.

Phyllis akamsikia mama yake. Hakuna mashine iliyokisia. Huyu alikuwa mtu aliyekisikia kicheko kile mezani na kitandani miaka yote, na sasa kilikuwa kinatoka kwenye mdomo wa mzee mwenye kofia, katika chumba kilichofungwa. Machozi yakamtoka naye anacheka. Khavere, ambaye hakuwahi kumwona Waithira, alicheka mpaka akaegemea meza.

Phyllis akatazama simu yake. Hakuwa amebonyeza kurekodi, na sasa hakutaka kubonyeza. Akaiweka mezani, kioo chini, akavuta kiti karibu.

"Rudia, Baba," alisema, na baba yake akarudia.