Umri wa Lumea Mbele ya Kiti cha Visima

Kidawa alilala na hasira zake, hata viatu hakuvua. Asubuhi nzima alikuwa amebishana kwa simu na Shekue, mhariri wake, juu ya riwaya aliyoitolea jasho miaka mitatu, riwaya ya nchi ya kubuni iitwayo Ukindu. "Dada Kidawa, huyu Lumea wako ana miaka mingapi hasa?" Shekue alimuuliza. "Sheria yenu ya huko inataka atimize kumi na saba ndipo arithi kiti cha marehemu mamaye, mlinzi wa visima. Nikiyapanga matukio, hesabu hainijii." Kidawa alimjibu kwamba yeye ndiye aliyemzaa Lumea, basi umri wake anaujua, akamkatia simu, akajitupa kitandani jua likiwaka, na usingizi ukambeba angali ananung'unika.

Mara akajiona amesimama Ukindu kwenyewe, ndani ya ukumbi wa mawe mekundu, umati umefurika mpaka madirishani. Juu ya kiti cha visima alikuwa amejibwaga Tamaa, mjomba wa Lumea, vidole vyote pete, funguo za visima zikimning'inia kiunoni. Mbele yake Lumea alisimama wima, kidevu juu. Kidawa alitaka kumkimbilia amkumbatie, maana siku zote hizo hakuwahi kumwona ana kwa ana. "Umri wake ukitimia, nashuka," Tamaa akanguruma. "Usipotimia, visima ni vyangu na maji nitayauza nipendavyo. Haya, aliyemtunga aseme!"

Kabla Kidawa hajafumbua kinywa, kijana mtanashati akamshika bega. Huyo alikuwa Urahisi, na sauti yake ilikuwa tamu mno. "Mama, hili la kukuumiza kichwa? Uliandika kwamba alizaliwa mwezi wa mavuno, nzige walipoingia. Miaka minne baadaye, mwezi uleule, daraja kuu lilivunjika, Mfalme Bundi akafa nalo. Leo ni mwezi wa mavuno, mwaka wa kumi na tatu wa Malkia Sange aliyemrithi. Minne na kumi na tatu ni kumi na saba. Kwisha!" Vigelegele vikapaa. Lakini bibi mmoja mwembamba, jina lake Makini, akainua mkono, akamgeukia Kidawa. "Taratibu, mwanangu. Ni wewe uliyeandika kwamba Ukindu mfalme akifa, mwaka uleule hubadilishwa jina, ukawa wa kwanza wa mrithi. Mwaka wa daraja ndio mwaka wa kwanza wa Sange. Tangu wa kwanza hadi wa kumi na tatu, imepita mingapi?" Kidawa akahesabu kwa vidole, akarudia, jasho likamtoka. Kumi na miwili. Ukijumlisha na ile minne, kumi na sita. Tamaa akacheka mpaka pete zikagongana.

"Hebu ngoja!" Urahisi akadakia. "Mwaka wa hapa una miezi kumi na minne ya siku thelathini, yaani siku mia nne na ishirini. Mara kumi na sita ni elfu sita mia saba na ishirini. Gawanya kwa siku mia tatu sitini na tano za kwenu: kumi na minane na ushee! Binti ni mtu mzima!" Makini akatikisa kichwa. "Umegawanya sawa, ila umegawanya upande mmoja. Sheria nayo ilisema miaka ya hapa. Ile kumi na saba yake, kwa miaka ya kwao huyu mwandishi, ni kumi na tisa na nusu. Bado hajaifikia."

"Basi wahamishe nzige!" Urahisi akamnong'oneza Kidawa, akimtia kalamu mkononi. "Warudishe nyuma mwaka mmoja tu. Nani atakuuliza?" Na Kidawa, haki ya Mungu, aliinua ile kalamu.

"Mama, weka chini!" Lumea alimgeukia, macho makavu. "Mashamba ya watu yaliliwa mwaka ule, na walionusurika wamo humu ndani. Nina miaka kumi na sita. Nani kakwambia naogopa kuisema?" Kisha akamkabili Tamaa. "Mjomba, nina miaka kumi na sita. Shuka."

"Sheria haikuruhusu!"

"Najua. Nikiingoja mwaka mzima, hutaacha hata kisima kimoja. Shuka mwenyewe, au tukushushe."

Akapanda ngazi. Nyuma yake Makini akakusanya kanga yake akapanda, na nyuma ya Makini umati mzima.

Kidawa aliamka. Aliona haya, kisha akaona raha: miaka yote hiyo alikuwa akimghushia binti ruhusa ambayo mwenyewe hakuiomba. Akapiga simu.

"Shekue, ulikuwa sahihi. Ana kumi na sita."

"Alhamdulillahi. Basi nisogeze nzige mwaka mmoja nyuma?"

"Thubutu! Nzige wangu usiwaguse. Naandika upya sura ya mwisho. Anakikalia kiti na umri wake huohuo."

"Na sheria je, Dada?"

"Imwondoe kama inaweza."