Hongera za Ijumaa

Immaculata alisimamia wakata minofu ya sangara katika kiwanda kimoja cha Mkuyuni. Kila Ijumaa alimtumia kila mmoja hongera kwenye grupu la simu: jina, halafu "kazi nzuri, endelea hivyohivyo." Akajiona mama wa watu.

Ijumaa moja Machibya akajibu, "Asante bosi! Kumbe hata kulala msibani kule Magu wiki nzima ni kazi nzuri?"

Grupu zima likacheka. Odeta peke yake, mpima joto la samaki wanaoingia, hakucheka.

Jumatatu Immaculata akamkuta Odeta amekunja mikono mbele ya kreti za samaki, kipimajoto kimo mfukoni.

"Mbona hupimi, mdogo wangu?"

"Dada, Jumanne iliyopita nilipima, nikakuta samaki wamepata joto, nikawakataa, dereva aliyewaleta akanitukana mbele za watu. Ukanipa hongera ileile ya Machibya aliyekuwa msibani. Nikajua hukuona, au kwako yote ni sawa."

Uso wa Immaculata ukawaka. Aliona vizuri sana siku ile. Aliona uvivu tu kuandika mistari miwili. Enyi mnaosimamia watoto wa wenzenu, aibu ile msiitafute.

Akasimama mbele ya meza zote za wakata minofu. "Jumanne Odeta alikataa kreti mbili zilizopata joto. Alitukanwa, hakurudi nyuma. Samaki wabovu hawakumfikia mteja kwa sababu yake. Niliona, nikanyamaza. Nimekosa."

"Zilikuwa tatu, dada," Odeta akasema, huku akitoa kipimajoto.

Immaculata akainamisha kichwa. "Tatu."